Kumjibu Aliyetulaumu Hadharani: Jinsi ya Kuisahihisha Barua Kabla Haijasomwa

Wasomaji wetu wa mwambao, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, wanajua kwamba lawama dhidi ya polisi hazinong'onwi tena pembeni. Husemwa katika mkutano wa usalama mbele ya mkuu wa kilima, husomwa redioni, au hubandikwa ubaoni sokoni ambako kila apitaye huzisoma. Jawabu nalo hulazimika kutolewa mahali palepale. Jawabu hilo husikilizwa na aliyelalamika, na pia na mamia ya watu ambao siku moja watakuwa na neno la kutuambia, nao hupima kama inafaa kulisema.

Somo la toleo hili linahusu kazi moja tu: kuichukua barua ya jawabu iliyoandikwa kwa hasira na kuiandika upya mpaka iwe tulivu, yenye msaada na yenye kustahili kutoka ofisini. Linawafaa askari, na linawafaa pia viongozi wa vyama vya wavuvi, kamati za soko na wenye mashua, kwa maana nao hulaumiwa hadharani na huwapasa kujibu. Mfano tutakaoufuata tumeutunga kwa ajili ya somo. Kituo na watu waliomo si wa mahali popote maalumu.

Lawama yenyewe

Mama mmoja mchuuzi wa ndagala ameandika barua na kuomba isomwe mkutanoni:

"Jumanne alfajiri mzigo wangu wa ndagala wabichi ulizuiwa gatini tangu saa kumi na moja mpaka saa nne asubuhi. Hakuna aliyeniambia kosa langu. Askari mmoja alinitaka elfu ishirini. Nilipoomba risiti akanifukuza. Mzigo ulipoachiwa ulikuwa umeharibika, nikautupa. Polisi wa hapa wote ni wanyang'anyi, wanakula jasho la wanawake."

Ili kuielewa barua hii, lazima kuijua biashara yenyewe. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mashua hurudi alfajiri. Samaki hawa wadogo huharibika upesi sana. Mchuuzi hana budi kuwauza wabichi asubuhi hiyohiyo au kuwaanika mapema ili jua la mchana liwakaushe. Aliyezuiwa saa tano gatini amekosa soko la wabichi na amekosa jua la kuanikia. Huenda mtaji aliokuwa amekopa umekwenda na mzigo huo. Mwandishi wa jawabu asiyelijua jambo hili ataona saa tano ni kidogo, na kosa lake la kwanza litaanzia hapo.

Jawabu la kwanza

Askari aliyepewa kazi ya kujibu aliandika jioni ileile:

"Kituo kimepokea maneno ya uongo na uchochezi yaliyotolewa na mama fulani. Polisi hufanya kazi kwa mujibu wa sheria. Kila mwenye akili anajua kwamba mizigo inayovuka ziwa hukaguliwa. Kama angekuwa na hati kamili asingezuiwa. Wafanyabiashara wengi, hasa hawa wa kutoka ng'ambo, wamezoea magendo. Tunamwonya yeyote anayelichafua jina la polisi kwamba atachukuliwa hatua. Hata hivyo, kama kuna aliyekwazika, tunasikitika."

Tusimcheke askari huyu. Alikesha kazini, akaitwa mnyang'anyi pamoja na wenzake ambao hawakuwapo gatini siku ile. Hasira yake ina sababu. Lakini barua hii ikisomwa, itafanya mambo matatu asiyoyakusudia: itamwita mama mwongo kabla ya uchunguzi, itawatia hofu wengine wenye malalamiko, na haitamwambia mtu yeyote afanye nini mzigo wake ukizuiwa kesho.

Hatua ya kwanza: kuchambua lawama

Kabla ya kugusa kalamu, barua ya mlalamikaji husomwa mara mbili, na kila sentensi huwekwa katika fungu lake. Mafungu ni manne. La kwanza ni matukio yanayoweza kuhakikishwa: mzigo ulizuiwa, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, bila maelezo. La pili ni shutuma inayohitaji uchunguzi: kudaiwa fedha bila risiti. La tatu ni hasara: mzigo kutupwa. La nne ni maneno ya uchungu: "wote ni wanyang'anyi".

Kila fungu lina namna yake ya kujibiwa. Matukio hujibiwa kwa ukweli. Shutuma hujibiwa kwa kueleza ni nani ataichunguza na lini atatoa taarifa. Hasara hujibiwa kwa kuitambua na kusema wazi kama ipo njia ya kuidai. Maneno ya uchungu hayajibiwi kabisa. Jawabu la askari wetu lilifanya kinyume: lilitumia karibu nguvu zote kulijibu fungu la nne, na matukio likayapita kama hayakusemwa.

Hatua ya pili: kwenda daftarini

Baada ya kuchambua, mwandishi hafikirii aseme nini, huenda kutazama. Daftari la zamu litaonyesha ni akina nani walikuwa gatini, mzigo uliandikwa saa ngapi, na sababu ya kuuzuia iliandikwaje. Katika mfano wetu, daftari linaonyesha kwamba mzigo uliandikwa saa kumi na moja na dakika ishirini, ukaachiwa saa nne kasoro dakika kumi. Mahali pa sababu pameachwa tupu. Juu ya fedha, hakuna kilichoandikwa.

Sasa tunajua mambo mawili na hatujui moja. Tunajua kwamba mzigo ulikaa saa nne na nusu. Tunajua kwamba hakuna sababu iliyoandikwa. Hatujui kama fedha zilidaiwa. Jawabu lote litajengwa juu ya mgawanyo huu. Sentensi ya askari wetu, "kama angekuwa na hati kamili asingezuiwa", sasa inaonekana ilivyo: dhana iliyovikwa nguo za taarifa. Daftari halisemi popote kwamba hati zilikosekana.

Hatua ya tatu: kufuta

Tunairudia barua ya kwanza na kufuta, tukieleza sababu ya kila neno linaloondoka.

"Uongo na uchochezi" yanaondoka kwa kuwa yanatoa hukumu. Uchochezi, tena, ni neno la mashitaka. Mtu akilisikia likitoka kwa polisi huelewa kwamba anaweza kukamatwa.

"Kila mwenye akili anajua" inaondoka. Maana yake ni kwamba aliyeuliza hana akili. Wengi mkutanoni hawazijui taratibu za ukaguzi, na hao nao wametukanwa pamoja na mama huyu.

"Kwa mujibu wa sheria" inaondoka pia, ingawa haina ukali. Maneno haya huonekana mazito, lakini hayamwambii msikilizaji sheria inataka nini. Mahali pake tutaeleza utaratibu kwa maneno ya kawaida.

"Hasa hawa wa kutoka ng'ambo" inaondoka, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mwambao huu una kumbukumbu nzito. Mwishoni mwa Aprili 1972 damu ilimwagika Rumonge na Nyanza-Lac, na wengi wakavuka kwenda Tanzania. Baadhi yao walirudi baada ya miaka thelathini na zaidi. Januari 2018 maelfu ya Wakongo walivuka ziwa kwa mashua kutoka upande wa Fizi na kupokelewa kwenye fukwe hizihizi. Kwa hiyo katika mkutano wowote wa Rumonge, wapo waliowahi kuwa watu wa ng'ambo mahali fulani. Afisa akilitaja kundi zima kwa lawama, msikilizaji hujiuliza kama yeye yumo, na jirani yake humtazama kwa jicho jipya. Barua ya polisi hutaja kitendo na saa yake. Haitaji asili ya mtu.

"Atachukuliwa hatua" inaondoka. Onyo hili hulipiwa na kituo chenyewe. Mvuvi aliyeporwa mashine usiku ziwani, au aliyeona chombo kigeni kikishusha mizigo gizani, hulikumbuka onyo hilo anapoamua kuja kusema au kunyamaza.

Mwisho, "kama kuna aliyekwazika, tunasikitika". Neno "kama" linaibomoa radhi nzima, kwa maana mama amekwisha kusema kwamba ameumia. Radhi ya kweli hutaja jambo. Nayo huombwa kwa lile tu lililothibitika: hapa, kumweka mtu gatini bila kumweleza sababu. Kwa fedha zisizothibitika hatuombi radhi wala hatukanushi, tunachunguza.

Hatua ya nne: kuandika upya

Baada ya kufuta, hakuna kilichobaki katika barua ya kwanza ila habari moja: mizigo hukaguliwa. Tunaanza upya kwa mpangilio huu: kumshukuru na kutaja alichosema, tunachokijua, radhi, tusichokijua na siku ya kutoa taarifa, jambo ambalo kila msikilizaji anaweza kulifanya. Barua mpya inasomeka hivi:

"Mama uliyetuandikia, barua yako tumeisoma na tunakushukuru kwa kuileta mbele ya wote. Umesema mzigo wako wa ndagala ulizuiwa asubuhi ya Jumanne bila kuelezwa sababu, kwamba ulidaiwa fedha bila risiti, na kwamba mzigo uliharibika.

Daftari letu linaonyesha kwamba mzigo ulikaa gatini tangu saa kumi na moja na dakika ishirini mpaka saa nne kasoro dakika kumi. Sababu haikuandikwa. Ilitupasa kukueleza sababu mara moja, hasa kwa mzigo unaoharibika upesi. Hatukufanya hivyo, na tunakuomba radhi.

Juu ya fedha, bado hatujui ukweli. Mkuu wa kituo amemteua afisa ambaye hakuwa zamu siku ile kusikiliza pande zote. Tunakuomba uje kumwona, peke yako au pamoja na mtu unayemwamini. Jina lako halitatajwa hadharani. Katika mkutano wa Jumatano ijayo tutaeleza uchunguzi umefika wapi. Juu ya thamani ya mzigo, hatuwezi kukuahidi malipo leo. Afisa huyo atakueleza njia ya kuwasilisha madai yako.

Kwa wachuuzi wote: mzigo unaovuka ziwa hukaguliwa. Ukizuiwa, muulize askari sababu na jina lake. Ushuru wa forodha hupokewa na Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, na malipo yoyote halali huwa na risiti. Anayekudai fedha bila risiti, tuambie."

Msomaji atazame mambo manne ndani ya barua hii. Kwanza, imeanza kwa kurudia alichosema mama kwa maneno yaliyopoa. Neno "wanyang'anyi" halimo, wala halikukemewa. Ukali umeachwa uishe wenyewe. Pili, haimfichi askari na wala haimtoi kafara. Katiba ya Burundi humhesabu kila mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka athibitishwe kisheria, na haki hiyo ni ya askari pia. Kumtaja jina mkutanoni kabla ya kumsikiliza kungekuwa dhuluma ya pili. Tatu, imesema "hatuwezi kukuahidi" waziwazi. Aliyepata hasara huvumilia neno gumu lililonyooka kuliko ahadi tamu isiyotimia. Nne, barua inazungumza na mama kwa "wewe", na kituo kinajitaja kwa "sisi". Maneno kama "mlalamikaji alizuiwa" humfanya mtenda jambo atoweke. "Hatukufanya hivyo" humrudisha.

Hatua ya tano: kuisikiliza kabla haijasomwa

Barua itakayosomwa kwa sauti haina budi kujaribiwa kwa sauti. Apewe mtu ambaye hakuwa gatini na hana hasira, aisome polepole. Mahali atakapoishiwa pumzi, sentensi ikatwe. Mahali ambapo sauti yake itapanda kama anayegomba, neno la ukali bado limejificha hapo. Mara nyingi huwa ni viunganishi vidogo: "hata hivyo", "lakini", "ijapokuwa", vikifuata radhi. Ukisema "tunakuomba radhi, lakini askari walikuwa wachache", msikilizaji amebaki na neno la mwisho tu. Uchache wa askari, kama ndiyo sababu, utajwe katika aya nyingine, mbali na radhi, pamoja na kile kinachofanywa kuurekebisha.

Kwa kuwa wengi mkutanoni husikia Kirundi zaidi ya Kiswahili, barua itafsiriwe kabla, isiachiwe mkalimani wa ghafla. Maneno yaliyopimwa katika lugha moja huweza kuwa makali au matupu katika lugha nyingine, na radhi ndiyo hupotea kwanza.

Mahali inapoharibika hata ikiwa nzuri

Barua njema huharibiwa zaidi na siku ya saba. Jumatano ikifika bila taarifa, kila neno la upole lililosomwa hugeuka kuwa hila. Kwa hiyo taarifa hutolewa hata kama uchunguzi haujakwisha: "Tumewasikiliza watu watatu, bado mmoja, tutarudi Jumatano nyingine." Sentensi hiyo moja inatosha.

Kosa la pili ni kuahidi kwamba "jambo hili halitatokea tena". Hakuna kituo kinachoweza kulitimiza. Ahidi kitendo unachoweza kukionyesha: kwamba kuanzia kesho mahali pa sababu daftarini hapataachwa tupu, na mwenye mzigo ataonyeshwa kilichoandikwa.

Kosa la tatu ni kujibu hadharani jambo lisilofaa kujibiwa hadharani. Malalamiko yakimhusu mtoto, au ukatili wa kijinsia, au yakimweka mtoa habari hatarini, jawabu la mbele ya watu liwe fupi: tumepokea, afisa fulani mwenye wadhifa huu anashughulikia, na anayehusika ataonana naye faraghani. Katika kijiji kimoja cha pwani, hata saa na mahali pa tukio huweza kumtambulisha mtu bila jina lake kutajwa.

Nasi tutajuaje kwamba jawabu limefaa? Haliwezi kupimwa kwa makofi. Litapimwa kwa mambo yanayoonekana: mama amekuja na hati zake, wachuuzi wengine wameanza kuuliza sababu na majina gatini, swali lilelile halikurudi katika mkutano uliofuata. Na kama amekuja mtu wa pili kusema kwamba naye alidaiwa fedha bila risiti, kituo kisidhani barua imekiletea aibu. Mtu huyo alikuwapo tangu zamani. Sasa tu ndiyo amepata pa kusemea.

Zoezi

Abiria mmoja amesema mkutanoni kwamba alipanda mashua ya kwenda Nyanza-Lac pamoja na watoto wawili, na hawakupewa maboya ya kujiokolea. Chama cha wenye mashua kimeandika: "Abiria hulalamika kila siku. Maboya yapo, ila watu wenyewe hawayataki kwa sababu yana uchafu. Anayeogopa maji apande gari."

Liandike upya jawabu hilo. Anza kwa kwenda kuyahesabu maboya ndani ya mashua iliyotajwa. Angalia kwamba chama chenyewe, kwa kutaka kujitetea, kimekiri kwamba maboya ni machafu. Ukweli huo usipotee, utengenezewe sentensi yake. Jawabu linaloweza kukubalika ni kama hili:

"Ndugu abiria, umesema wewe na watoto wako hamkupewa maboya. Leo tumeikagua mashua hiyo: maboya ya watu wazima yapo lakini ni machafu, na ya watoto hayapo. Kosa ni letu, tunakuomba radhi. Yaliyopo yataoshwa kabla ya safari ya kesho. Mpaka maboya ya watoto yatakaponunuliwa, mashua hiyo haitachukua watoto. Abiria yeyote asiyepewa boya amwambie nahodha kabla mashua haijang'oa nanga, na nahodha asipompa, atuambie sisi."

Sentensi ya kutochukua watoto itawagharimu wenye mashua nauli. Ndiyo maana abiria watawaamini.